Gari la kukodi lilikuwa na CDW, mbona kadi yangu imekatwa 1,200?

Shangazi, shikamoo.

Nilikodi gari kwa siku 9. Nilipoweka oda mtandaoni niliona bei imeshajumuisha CDW, ile kinga ya uharibifu wa gari lenyewe, nikatulia. Pembeni nikanunua bima ndogo kwa kampuni nyingine kabisa, 45 kwa siku zote, inayoahidi kunirudishia ekses, yaani kiasi ambacho kampuni ya gari ingenidai mimi. (Namba nazitaja bila sarafu, hesabu ni ileile.) Kufika kaunta, kijana akaniambia hiyo bima ya nje "hapa haitambuliki", bora niongeze 28 kwa siku nisidaiwe chochote. Nikakataa. Akazuia 1,200 kwenye kadi yangu, nikasaini, nikaondoka.

Siku ya 6 mdogo wangu ndiye alikuwa kwenye usukani. Jina lake tuliliandikisha kwenye mkataba na tukalilipia. Alikwepa pikipiki, gari likaparamia ukingo wa barabara. Tairi la mbele kushoto likapasuka, rimu ikapinda, na bampa likachubuka upande huohuo. Hakuna aliyeumia wala gari lingine lililoguswa. Tukafunga spea, safari ikaendelea. Sikuwapigia simu, niliwaeleza siku ya kurudisha gari. Wakapiga picha, nikasaini karatasi yao, na siku 3 baadaye 1,200 zote zikakatwa. Barua pepe yao ilisema tu "uharibifu wa bampa na gurudumu".

Siku ya kuchukua gari nililizunguka nikirekodi video. Bampa lilikuwa na mkwaruzo wa zamani upande wa kulia, na fomu yao iliuwekea alama.

Kwa nini nilipe ilhali bima ilikuwemo? Ile ya 45 itanilipa? Na nilikosea kukataa ya kaunta?

Mwenye Kadi Tupu

*

Marahaba, mwanangu. Kabla sijakueleza chochote, nenda kwenye barua yako uisome tena pale uliposema jina la mdogo wako liliandikishwa na kulipiwa. Sentensi hiyo ndiyo iliyokuokoa, na nitakueleza kwa nini. Kwa sasa jua hivi: katika hizo 1,200, sehemu fulani huenda haikustahili kukatwa na inapaswa kurudi kutoka kwa kampuni yenyewe, na sehemu kubwa ya iliyobaki inaweza kulipwa na ile bima ya 45. Lakini huwezi kupata hata senti kwa mistari miwili ya barua pepe. Unahitaji ankara.

Nilikaa nyuma ya kaunta ya kukodisha magari miaka kadhaa kabla sijaanza kujibu barua za watu, na neno lililotuletea ugomvi kuliko yote lilikuwa hilo la "bima". CDW si bima. Ni msamaha. Anayekodi gari, kwa kawaida, anawajibika kwa mwenye gari kwa kila uharibifu unaotokea likiwa mikononi mwake, hata kama kosa si lake. CDW ni kifungu ndani ya mkataba ambacho mwenye gari anasema: bodi ya gari langu ikiharibika katika ajali, nitakudai mpaka kiwango fulani, na kinachozidi hapo nitakusamehe. Hicho kiwango ndicho ekses. Huko nyuma kampuni inaweza kuwa na bima yake kubwa au ikabeba hasara kutoka mfukoni mwake, hilo halikuhusu. Kwako wewe hakuna kampuni ya bima iliyosimama nyuma ya CDW. Kuna ahadi ya mwenye gari tu, na ahadi hiyo ina mpaka na ina masharti.

Usiichanganye pia na bima ya watu wengine, ile tunayoiita thadi pati. Hiyo inahusu utakayemgonga na mali yake, nchi nyingi zinailazimisha kisheria, na karibu kila gari la kukodi linakuwa nayo. Kwenye kisa chako haina kazi. Ukingo wa barabara haujakudai.

Sasa tuje kwenye 1,200. Watu wengi wanaichukulia ekses kama faini: ukikwaruza gari, unalipa ekses, yamekwisha. Kampuni nazo hazina haraka ya kuwasahihisha. Ekses ni dari. Uharibifu ukigharimu 300, unalipa 300. Ukigharimu 1,100, unalipa 1,100. Ukigharimu 4,000, hapo ndipo unalipa 1,200 na 2,800 inasamehewa. Kukata kiasi chote siku 3 baada ya gari kurudi, kabla fundi hajaligusa, ni mtindo wa kampuni nyingi: wanachukua fedha ikiwa bado imezuiwa kwenye kadi, maana wakichelewa zuio linaachia na itabidi waanze kukufuata. Mikataba mingi inawaruhusu kufanya hivyo. Ila haiwaruhusu kubaki na chenji, na chenji hiyo mara nyingi hairudi mpaka mtu aiulizie.

Tufanye hesabu kwa makadirio yangu, wewe utaweka namba zao ankara ikifika. Kunyoosha na kupiga rangi bampa zima, 430. Tairi 120 na rimu 190, jumla 310. Gari kukaa gereji siku 2 bila kukodishwa, kwa 60 kwa siku, 120. Ada ya kushughulikia faili lako, 50. Ukijumlisha unapata 910. Ikiwa ankara ndiyo hiyo, wanakudai 910, na 290 ni yako. Irudi kwenye kadi.

Hadi hapo mambo ni mepesi. Pale ambapo watu huumia kweli ni kwenye hilo gurudumu, na ningependa ulielewe vizuri kwa sababu safari hii umepona kwa bahati. Fungua mkataba wako utafute sehemu inayoorodhesha vitu visivyoguswa na msamaha. Karibu kila kampuni inayo, kwa maandishi madogo. Humo utakuta matairi na rimu, vioo vya madirisha na cha mbele, tumbo la gari, mara nyingi paa na vioo vya pembeni, viti vya ndani, funguo zilizopotea, klachi iliyoungua, na injini iliyotiwa mafuta yasiyo yake. Sababu wanayoitoa ni kwamba hivi ni vitu vinavyoharibika kwa jinsi dereva anavyotumia gari zaidi kuliko kwa ajali. Sikubaliani nao sana, maana jiwe linaloruka kutoka kwenye lori halichagui dereva mzembe, lakini ndivyo ilivyoandikwa na ndivyo ulivyosaini.

Matokeo yake ni kwamba dari ya 1,200 haifuniki nyumba nzima. Chukua ajali ileile, lakini sasa gari limegonga kwa nguvu: bampa, taa na boneti, matengenezo ya 3,400. Kwenye bodi unalipa 1,200 yako, 2,200 inasamehewa. Halafu gurudumu, kwa kuwa liko nje ya msamaha, linakuja juu yake: 310. Jumla 1,510, na bado hujaongeza ada ya faili, siku za gereji wala gari la kuvuta, ambavyo mikataba mingine huvihesabu ndani ya ekses na mingine huviweka nje. Mtu aliyeambiwa "ekses yako ni 1,200" anapokea dai la 1,700 na kuamini ametapeliwa. Hajatapeliwa. Aliambiwa nusu ya habari. Kwako wewe, kwa makadirio yangu, jumla yote haifiki 1,200, kwa hiyo hakuna tofauti kama rimu imehesabiwa ndani au nje. Ndiyo bahati ninayoisema.

Na kwa kuwa tumeigusa: ekses kwa kawaida huhesabiwa kwa kila tukio, si kwa kila ukodishaji. Ungekwaruza mlango siku ya 2 na bampa siku ya 6, hizo ni dari mbili. Ndiyo maana huwa naogopa fomu ya marejesho inapoandikwa kwa haraka. Uharibifu wa tukio moja ukielezwa kama wa matukio matatu, hesabu inabadilika. Karatasi uliyosaini wakati wa kurudisha, angalia imeandika tukio moja, tarehe moja.

Sasa turudi kwa mdogo wako. Msamaha una masharti, na ukiyavunja huambiwi ulipe ekses tu. Msamaha wenyewe unafutika, na unabaki na deni la uharibifu wote, hata thamani ya gari zima ikibidi. Masharti mawili yanayoangusha watu wengi ni dereva ambaye jina lake halimo kwenye mkataba na dereva aliyelewa. Mengine ni kuingiza gari kwenye njia zilizokatazwa, kulivusha mpaka bila ruhusa, na kutotoa taarifa. Laiti mdogo wako angekuwa hajaandikishwa, kampuni ingekuwa na haki ya kukudai kila kitu bila dari, na ile bima ya 45 nayo ingekataa, maana bima za namna hiyo hufuata mkataba wa gari: uliovunjwa huko, umevunjwa na huku. Niliwahi kumwona baba mmoja akilia kaunta kwa sababu alimpa shemeji yake usukani kwa dakika 10 tu, aegeshe gari. Usisahau kwamba dereva wa kwanza ndiye mwenye deni, si aliyegonga.

Kwenye kutoa taarifa, hapo ulichezea moto. Mikataba karibu yote inataka uwapigie mara moja, mingi inaweka saa 24, na baadhi inadai ripoti ya polisi kwa kila ajali hata kama uligonga ukuta peke yako. Wewe ulikaa siku 3. Kinachokusaidia ni kwamba wamekata 1,200, yaani wao wenyewe wamehesabu kana kwamba msamaha bado upo. Wangetaka kuufuta wangekudai gharama kamili nje ya utaratibu wa ekses. Ingawa kwa uharibifu wa 910 isingeleta tofauti ya fedha, ingekuletea shida na bima yako ya pili. Kwa hiyo usiwaandikie barua ndefu ya kujieleza kwa nini hukupiga simu. Hawajauliza. Wakiuliza, sema ukweli: siku ipi, saa ngapi, wapi, na kwamba mliwaeleza wakati wa kurudisha gari. Kudanganya tarehe ndiyo njia ya haraka ya kupoteza vyote viwili.

Kuhusu spea, hakuna kosa. Kufunga spea ni jambo la kawaida. Kosa lingekuwa kuendesha gari juu ya tairi lililokufa hadi rimu ikakatika, au kumpa fundi wa pembeni aipige nyundo na kuinyoosha bila idhini yao. Mikataba inakataza matengenezo yasiyoidhinishwa, na rimu iliyonyooshwa wangekudai mpya vilevile.

Unachotakiwa kuwaomba sasa ni karatasi nne, na uombe kwa maandishi. Ya kwanza ni taarifa ya uharibifu yenye picha, na picha ziwe na tarehe. Ya pili ni fomu ya hali ya gari siku ulipolichukua, ile yenye alama ya mkwaruzo wa kulia. Ya tatu ni ankara ya matengenezo au makadirio ya fundi, yenye kila kitu kwenye mstari wake: bampa kivyake, tairi kivyake, rimu kivyake, siku za gereji kivyake, ada kivyake. Ya nne ni hati inayoonyesha kiasi kilichokatwa mwishoni. Kampuni nyingi hazisubiri gereji. Zina orodha ya bei za ndani, kwamba mkwaruzo wa urefu fulani kwenye bampa ni bei fulani. Mikataba mingi inaruhusu hilo, hata gari lisipotengenezwa mara moja, kwa hoja kwamba limeshapungua thamani. Basi waombe hiyo orodha na mstari wake unaokuhusu. Jibu la "uharibifu wa bampa na gurudumu: 1,200" si hesabu, ni jumla ya ekses iliyobandikwa jina.

Ankara ikifika, angalia mambo mawili kwa makini.

Bampa kwanza. Watu hudhani kwamba mkwaruzo wa kiganja unapakwa rangi sehemu ya kiganja. Kwenye bampa la plastiki fundi mara nyingi hupiga rangi kipande chote, la sivyo kivuli kinatofautiana na jicho linakiona. Kwa hiyo bei ya bampa zima si lazima iwe wizi. Lakini bampa hilohilo lilikuwa na mkwaruzo wa kulia ambao kwa vyovyote ulihitaji rangi kabla wewe hujafika. Inawezekana kabisa aliyekodi kabla yako ameshalipia kupakwa rangi kwa bampa zima, na halikupakwa. Uliza kwa adabu: "Mkwaruzo wa kulia uliokuwa kwenye fomu, ulishalipiwa? Kama ndiyo, naomba gharama ya bampa ipunguzwe ipasavyo." Nilipokuwa kazini, swali hilo peke yake lilitufanya tufungue faili la zamani, na si mara moja tuliona haya. Siwezi kukuahidi kwamba watafuta yote 430. Kupunguziwa ndiyo haki ya kuidai.

Jambo la pili ni siku za gereji. Kudai fedha kwa siku ambazo gari halikukodishwa kwa sababu yako ni halali kwenye mikataba mingi, na mahali pengine sheria inamtaka mwenye gari aonyeshe kwamba kweli alipoteza biashara, si kwamba magari mengine 20 yalikuwa yamelala uwanjani. Rangi ya bampa na gurudumu jipya ni kazi ya siku moja au mbili. Ukiona wameandika siku 8, omba tarehe ya gari kuingia gereji na tarehe ya kutoka. Kusubiri vipuri kwao si lazima kuwe mzigo wako.

Sasa ile 45. Kijana wa kaunta hakukudanganya aliposema haitambuliki, ila alikuachia uelewe vibaya. Kuna mikataba miwili hapa isiyojuana. Mmoja ni wako na mwenye gari: uharibifu ukitokea, wewe ndiye mdaiwa, na yeye hajali utazitoa wapi. Ndiyo maana alizuia 1,200 ingawa ulikuwa na karatasi ya bima mkononi. Mwingine ni wako na kampuni ya bima: ulicholipa kwa haki kwa mwenye gari, wao wanakurudishia. Hii ni bima kweli, si msamaha, na kazi yake inaanza pale umeshalipa. Hailipi kaunta, haizuii kadi yako kukatwa, na haikai mezani kubishana kwa niaba yako.

Inarudisha hasara, si amana. Ukiwapelekea taarifa ya benki inayoonyesha 1,200 imekatwa na barua pepe ya mistari miwili, watakurudishia barua. Watataka mkataba wa gari wenye majina ya madereva wote wawili, nakala ya leseni ya mdogo wako kwa kuwa ndiye aliyeendesha, taarifa ya uharibifu, ankara yenye mistari, na ushahidi kwamba umelipa kutoka kwenye kadi yako. Watauliza kama bima ilinunuliwa kabla ya kuchukua gari. Yako ilinunuliwa kabla, kwa hiyo uko sawa. Na wana muda wa mwisho wa kupokea dai, uangalie kwenye hati leo, kwa sababu ankara za kampuni za magari huchelewa na muda wa bima hauzisubiri. Kama muda ni mfupi, fungua dai sasa hivi, uandike kwamba ankara itafuata.

Zuri kwenye bima hizi ni kwamba nyingi zinalipa hasa vile vitu ambavyo CDW inavikimbia: matairi, vioo, tumbo la gari, paa. Angalia yako iseme hivyo kwa maandishi. Bovu ni kwamba baadhi hazilipi ada ya faili au siku za gereji, au zinalipa mpaka kiwango kidogo. Kwa makadirio yetu, zikilipa kila kitu utarudishiwa 910 yote na hasara yako itabaki 45 uliyonunulia bima. Zikikataa siku za gereji na ada, utarudishiwa 740, na hasara yako itakuwa 170 pamoja na hiyo 45, yaani 215.

Hapo ndipo swali lako la mwisho linapata jibu. Ofa ya kaunta ilikuwa 28 kwa siku 9, yaani 252, ambayo ungeilipa gari lirudi limevunjika au likiwa linang'aa. Hata katika hali mbaya ya 215 hujapita 252. Na kuna jambo ambalo yule kijana pengine hakulitaja: ile nyongeza ya kaunta inashusha ekses hadi sifuri, lakini mara nyingi inashusha ekses ya vitu vilivyomo kwenye msamaha tu. Gurudumu linaweza kubaki nje palepale, kwa bidhaa yake ya tatu yenye bei yake. Ungelipa 252 halafu 310 ya gurudumu juu yake. Mtu akikuambia kaunta "hutadaiwa chochote", mwombe akuonyeshe kwa kidole mstari wa matairi na vioo. Asipouonyesha, haupo.

Sitasema kwamba ya kaunta haina maana. Ina faida moja ambayo bima ya nje haiwezi kukupa: fedha yako haizuiwi, au inazuiwa kidogo, na ajali ikitokea unaacha funguo mezani unaondoka bila faili, bila kusubiri wiki kadhaa, bila kutafuta nakala ya leseni ya mdogo wako. Mwenye kadi ambayo 1,200 ikizuiwa safari inakwama, yeye huyo anunue kaunta. Vivyo hivyo mtu anayejijua hana subira na makaratasi. Wewe una video na una fomu, unaonekana mtu wa makaratasi. Hukukosea.

Dokezo dogo kwa wengine wanaosoma: zipo kadi za benki zinazotoa kinga ya gari la kukodi kwa mwenye kadi, lakini nyingi zinataka ukodishaji wote ulipwe kwa kadi hiyo na, kwa baadhi, ukatae CDW ya kampuni. Ukikubali CDW huku unategemea kadi, unaweza kukuta umeifuta kinga ya kadi kwa saini yako mwenyewe. Soma masharti ya kadi kabla ya kusimama kwenye foleni.

Waandikie leo, barua fupi, kwa maneno kama haya:

"Mkataba namba (weka hapa). Tarehe fulani mlikata 1,200 kwa uharibifu wa bampa na gurudumu. Naomba taarifa ya uharibifu yenye picha na tarehe, fomu ya hali ya gari siku ya kuchukuliwa, ankara au makadirio yenye mchanganuo wa kila gharama pamoja na tarehe za gari kukaa gereji, na risiti ya kiasi cha mwisho. Fomu ya kuchukua gari inaonyesha mkwaruzo uliokuwepo upande wa kulia wa bampa. Naomba kujua kama ulishalipiwa. Kiasi chochote kinachozidi gharama halisi naomba kirudishwe kwenye kadi ileile."

Wasipojibu ndani ya wiki mbili, wapelekee tena barua hiyohiyo, kisha nenda benki iliyokupa kadi ufungue pingamizi la kukatwa fedha. Pinga kile kiasi kisichokuwa na ankara tu. Ukipinga 1,200 yote huku ulisaini kwamba bampa limechubuka, benki itawaamini wao. Pingamizi la kadi nalo lina muda wake wa mwisho, kwa hiyo ulizia benki siku ngapi umebakiwa nazo kabla hujaanza kusubiri.

Na mdogo wako asikulipe kitu kwanza. Ngoja bima ijibu, ndipo mjue mnagawana 45 au 215. Ile video itoe kwenye simu uihifadhi mahali pawili, na usiikate wala kuihariri, hata kama mwanzoni inaonyesha viatu vyako.

Shangazi